Korodani iliyoshushwa utotoni: FSH 15 inasema nini ukubwani

"Nina miaka 31. Korodani ya kulia ilishushwa kwa upasuaji nikiwa na miaka 9, imebaki ndogo. Tunatafuta mtoto. FSH 15, LH 6, testosteroni 14 nmol/L. Mbegu milioni 7 kwa mililita, shahawa mililita 2. Nimeshauriwa nichome sindano za testosteroni. Nichome?"

Mkuu, usichome. Sindano hizo zinaweza kukumalizia hata mbegu ulizo nazo.

Korodani ina seli za aina mbili zenye kazi tofauti. Zinazotengeneza mbegu hazivumilii joto la mwilini. Mfuko wa korodani una ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 zaidi. Korodani ikikwama kwenye kinena, seli hizo huanza kupungua mapema mno, ndiyo maana siku hizi upasuaji hupendekezwa kati ya miezi 6 na 18. Seli za Leydig, zinazotoa testosteroni, ni sugu zaidi.

Majibu yako yanaonyesha hilo. Testosteroni inatosha, na LH, homoni inayosukuma seli za Leydig, iko sawa, maana yake seli hizo hazisukumwi kwa nguvu. Lakini FSH, homoni inayosukuma utengenezaji wa mbegu, imepanda: tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, inayotoa homoni zote mbili, inaona uzalishaji wa mbegu ni hafifu, inaongeza msukumo. Ukichoma testosteroni, pituitari inadhani ipo ya kutosha na inakata LH na FSH zote mbili. Ndani ya miezi michache mbegu zinaweza kufika sifuri, na kurudi kwake kukachukua miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka.

Zidisha 7 kwa 2: una mbegu milioni 14 kwa jumla, wakati kiwango cha chini cha WHO ni milioni 39. Ni chache, ila mimba inawezekana. Rudia kipimo baada ya miezi 3, kwa kuwa mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na usipoteze tone la kwanza, ndilo lenye mbegu nyingi. Testosteroni irudiwe asubuhi kabla ya saa 4. Mkeo naye apimwe sasa, msisubiri.

Kuhusu saratani ya korodani, utafiti wa Sweden wa 2007 ulikuta waliofanyiwa upasuaji kabla ya miaka 13 wana hatari takriban mara 2 ya wanaume wengine. Waliochelewa zaidi ya hapo, zaidi ya mara 5. Wewe uko kundi la kwanza, na ugonjwa wenyewe ni nadra. Faida ya korodani kuwa mfukoni ni kwamba inashikika. Kila mwezi, baada ya kuoga maji moto, viringisha kila moja taratibu kwa vidole. Kamba laini iliyo nyuma ni ya kawaida. Kifundo kigumu kwenye korodani yenyewe, hata kisipouma, kipigwe ultrasaundi wiki hiyohiyo.