Sukuma wiki inageuka rangi ya kaki na kuwa chungu: tatizo liko wapi?

Swali: Nauza ugali na wali hapa Mwanga, Kigoma. Sukuma wiki naikaanga saa tano asubuhi na vitunguu, nyanya na ndimu kidogo, nafunika iive vizuri, halafu naiweka kwenye hotipoti. Ikifika saa saba imeshakuwa rangi ya kaki na wateja wanasema ni chungu. Jirani ananishauri nitie magadi. Nitie? (Mama lishe, Kigoma)

Jibu: Magadi usitie, mama. Rangi ya kijani itabaki kweli, tena itang'aa, lakini majani yatalainika mpaka yateleze, yatakuwa na ladha kama ya sabuni, na vitamini C pamoja na B1 zitaharibika zaidi. Tatizo lako linatoka mahali pengine: kwenye ndimu na nyanya, kwenye mfuniko, na zaidi ya yote kwenye hotipoti.

Rangi ya kijani ya jani inatokana na klorofili, na klorofili imeshikilia magnesiamu katikati yake. Joto na asidi vikikutana, magnesiamu inaachia nafasi yake na rangi inageuka kuwa hiyo ya kaki. Ndimu na nyanya ni asidi unayoiongeza wewe, lakini hata usipoziweka, jani lina asidi yake. Likiwa bichi, asidi hiyo imejifungia mbali na klorofili. Joto likishalainisha jani, vyote vinachanganyika. Sehemu ya asidi hiyo huruka na mvuke. Ukifunika sufuria, mvuke unagonga mfuniko na kudondokea mboga tena. Baada ya dakika tano hadi saba za moto rangi inaanza kufifia, sasa piga hesabu ya saa mbili ndani ya hotipoti, ambamo mboga imefungwa ikiwa na joto, mvuke na nyanya. Hakuna sukuma wiki itakayotoka humo ikiwa ya kijani, hata ungeikaanga kwa ustadi gani.

Kwa hiyo gawa kazi mara mbili. Asubuhi chemsha majani kwa muda mfupi na uyapoze. Mteja akishakaa ndipo unakaanga. Kinachoweza kukaa kwenye hotipoti bila kuharibika ni rojo la vitunguu na nyanya, na hilo ndilo uliwekemo.

Tuseme una nusu kilo ya majani yaliyokwisha kutolewa mishipa minene ya katikati. Utoe kweli, kwa sababu mshipa unahitaji muda mrefu kuliko jani, na ukiusubiri uive jani litakuwa limeshapita. Majani yaliyoanza njano weka kando, hayo ndiyo machungu kuliko yote. Osha kwanza, kata baadaye, na ukate pale maji yanapokaribia kuchemka. Sukuma wiki ni ndugu wa kabichi na haradali: kisu kikipita, kimeng'enya kilichomo ndani ya jani kinakutana na viambata vyenye salfa na kutengeneza ule ukali unaopanda puani. Ukikata laini sana ukaacha beseni likae saa nzima, ukali unazidi kujijenga. Upana wa kidole kimoja unatosha.

Chemsha maji lita 4 na vijiko 2 vya chakula vya chumvi. Maji mengi yana kazi mbili: yanazimua asidi ya majani, na yanabeba viambata vya uchungu vinavyoyeyuka. Chumvi nayo hupunguza uchungu mdomoni. Sufuria ibaki wazi. Kwenye jiko la mkaa usimwage nusu kilo yote kwa pamoja. Weka konzi mbili, zamisha kwa mwiko, na angalia maji. Yasiporudi kuchemka ndani ya dakika moja, umezidisha majani au mkaa umelegea, na mboga itaiva kwa joto dogo, yaani polepole, jambo ambalo ndilo tunalikimbia.

Sekunde chache baada ya kuzama, jani litang'aa kuliko lilivyokuwa bichi, kwa sababu hewa iliyokuwa ndani yake imetoka. Maji yakirudi kuchemka hesabu dakika 2, kisha tafuna kipande kimoja. Kikiwa laini lakini bado kina ukakamavu kidogo, toa. Opoa mara moja na utie kwenye beseni la maji safi ya baridi. Maji ya bomba ya Kigoma hayana ubaridi wa kutosha, kwa hiyo yabadilishe mara mbili, au tia barafu iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa. Ile ya wauza samaki usiitumie. Majani yakiwa bado na joto la ndani yanaendelea kujipika, na rangi inakwenda. Hayo maji ya kuchemshia mwaga. Ndiyo, kiasi fulani cha vitamini C kinaondoka nayo. Hiyo ndiyo gharama ya kuondoa uchungu, nayo ni ndogo ukizingatia muda wenyewe ni dakika mbili.

Kamua majani kwa mikono miwili mpaka maji yaishe kudondoka, ugawe madonge manne, moja kwa sahani. Hapa wengi wanaharakisha, kisha mboga inatoa maji kwenye karai na kuchemka badala ya kukaangika. Madonge yakae kwenye friji au kwenye ndoo yenye barafu, yakiwa yamefunikwa ndani ya chombo chake. Kama huna vyote viwili, yasizidi saa 2 kwenye joto la kawaida. Afadhali uchemshe mafungu mawili, moja la saa sita na jingine la saa saba na nusu.

Mteja akifika, weka karai kwenye moto mkali, mafuta kijiko 1 cha chakula, fumua donge, geuza kwa dakika moja. Ongeza kijiko 1 cha rojo lako lililokaukia vizuri, geuza mara mbili tatu, pakua. Nyanya ikikutana na jani kwa nusu dakika haina muda wa kulibadilisha. Ndimu weka kipande pembeni ya sahani, mteja aikamue mwenyewe.

Ukitumia mawese, usitegemee kijani hata ukifuata yote haya. Wekundu wa mafuta unafunika rangi ya jani, na sahani itaonekana ya hudhurungi hata mboga ikiwa nzima. Kwa mboga ya kuonyesha rangi tumia alizeti. Mawese yaachie kisamvu.

Siku ukipata spinachi, badili muda. Zile za sokoni zenye shina nene jeupe ni jamaa ya kiazisukari: shina litangulie dakika 1, ndipo jani lifuate kwa sekunde 40 tu. Uchungu wake nao ni wa aina nyingine, ule unaoacha meno yakikwaruza kama yana chaki. Huo ni asidi oksaliki, na sehemu yake inatoka na maji ya kuchemshia, kwa hiyo hayo nayo usiyarudishe kwenye mchuzi.