Mpira wa jioni, ugali wa saa tatu na nusu, na usingizi wangu

Kigoma jua halina haraka ya kuzama. Tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo giza huku linaingia kama dakika 40 baada ya kuingia kwao. Saa moja kasoro, wenzetu wa Dar wameshawasha taa, sisi maveterani wa Mwanga bado tunakimbizana uwanjani. Nimecheza hivyo miaka sita, na mitatu ya mwisho nilikuwa silali vizuri.

Ratiba yangu ilikuwa hivi. Mpira unaisha saa moja na robo usiku. Soga kidogo, bodaboda hadi nyumbani, kuoga, taarifa ya habari. Saa tatu na nusu niko mezani: ugali wa muhogo, mgebuka uliokaangwa kisha ukaungwa kwa mawese, na maharage pembeni. Baada ya mechi mtu unakula kama umetoka kubeba mizigo bandarini. Saa nne na nusu kitandani. Hapo nageuka-geuka hadi saa sita, na nikija kusinzia, saa nane naamka mdomo mchungu, kifua kinawaka. Kutwa dukani napiga miayo mbele ya wateja.

Nililaumu mpira. Bahati mbaya, au bahati nzuri, goti likanivimba nikakaa nje wiki mbili. Chakula sikukibadilisha, wala saa ya kula. Usingizi ukaanza kuja ndani ya dakika 15 tu, nikasema nimepata jawabu. Lakini saa nane usiku nikaendelea kuamka kama kawaida, kifua kilekile. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa na matatizo mawili yaliyovaa kanzu moja. Mpira ulikuwa unachelewesha usingizi kuja. Chakula kilikuwa kinauharibu ukishakuja.

Nianze na mpira. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili linatakiwa lishuke kidogo, na mwili hulitoa kupitia ngozi, hasa viganja na nyayo. Ukikimbia kwa nguvu unafanya kinyume chake: joto linapanda, moyo unakwenda mbio, mwili unakaa macho kama mlinzi. Kurudi chini kunachukua muda, saa moja au zaidi kutegemea umejituma kiasi gani. Daktari mmoja tunayecheza naye alinifundisha kujipima bila mashine. "Kaka, weka vidole viwili shingoni, hesabu mapigo nusu dakika, zidisha mara mbili." Asubuhi kabla ya kuinuka nilikuwa napata 62. Usiku wa mechi, nikiwa nimeshajilaza, napata 84. Usiku usio na mechi, 66. Mtu mwenye 84 hata umwimbie nyimbo za watoto hasinzii.

Wala hii haina maana uache mazoezi ya jioni. Kwa watu wengi mazoezi ya jioni hayadhuru usingizi, na huweza hata kuongeza kidogo ule usingizi mzito. Yanayosumbua ni yale ya kutoa jasho jingi yanayoishia karibu sana na kitanda, hasa ndani ya saa moja. Yangu yaliisha zikiwa zimebaki saa tatu na dakika 15 kabla ya kulala, sasa mbona bado yananisumbua? Sababu ni kwamba nilikuwa siupi mwili nafasi ya kutulia. Nilitoka uwanjani moto, nikapanda bodaboda, nikafika na kuanza kubishana habari za mechi, kisha nikaupa mwili kazi nyingine kubwa ya kusaga sahani ya ugali. Kusaga chakula nako kunapandisha joto na mapigo.

Sasa natoka uwanjani kwa miguu, dakika 20 za mwendo wa pole hadi nyumbani, na naoga maji ya vuguvugu. Zamani nilijimwagia maji ya baridi nikidhani napoza injini. Maji ya vuguvugu huvuta damu ije kwenye ngozi, na joto la ndani likapata mlango wa kutokea.

Chakula ndicho kilichonipa somo kubwa, kwa sababu chenyewe kinadanganya. Ukishiba sana unasinzia, ukidhani umepata dawa ya usingizi. Lakini usingizi mzito zaidi, ule wa pono, sehemu kubwa yake huja katika saa tatu za mwanzo za kulala. Ukilala saa moja baada ya kula mlo mzito, saa hizo tatu ndizo tumbo linapohangaika. Mafuta mengi huchelewesha chakula kutoka tumboni, na pia hulegeza kile kilango kilicho kati ya umio na tumbo. Ukijilaza, tindikali inapanda. Si lazima uamke kabisa. Inatosha ikuvute kutoka kwenye usingizi mzito hadi mang'amung'amu, mara kadhaa, bila wewe kukumbuka asubuhi.

Nilijaribu kwanza kuruka chakula cha usiku. Nilikula embe moja nikalala. Saa tisa njaa ikaniamsha, na baada ya mechi njaa ile si ya mchezo. Kwa hiyo sikupunguza chakula cha siku nzima, nilikihamisha. Ugali na mgebuka wa mawese sasa ni wa saa nane mchana. Mke wangu alilalamika wiki ya kwanza: "Baba watoto, mchana nipike kama sikukuu?" Usiku, nikifika tu na kuoga, saa mbili na nusu nakula ndizi za kuchemsha tatu au nne na samaki wa mchuzi mwepesi, mafuta kijiko kimoja. Maharage yamehamia mchana pia, maana gesi nayo haijui adabu. Saa tano kasoro nalala, tumbo limepata zaidi ya saa mbili.

Ndani ya siku kumi kile kiungulia cha saa nane kilikuwa kimebaki mara moja kwa wiki. Siku hiyo moja mara nyingi ni ile niliyorudia ugali.

Ukitaka kujua lako ni lipi, angalia usiku unaharibika wapi. Umelala macho makavu, moyo unausikia kwenye mto, nyayo zinatafuta ubaridi: tatizo ni mazoezi. Umesinzia upesi, kisha unaamka baada ya saa mbili tatu na uchungu mdomoni, kiu na ndoto za fujo: anza na sahani. Badilisha kimoja tu kwa wiki, usivichanganye.

Nionye wawili. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula cha usiku siku ya mazoezi kabla ya kuongea na daktari wake, kwa kuwa sukari inaweza kushuka sana akiwa usingizini. Na mwenye kiungulia cha kila siku, au chakula kinachokwama kooni, aende hospitali.

Harusi bado zinanishinda. Pilau ya Ujiji inakuja saa tano usiku, na mimi si mtu wa kuikataa. Siku hiyo nalalia ubavu wa kushoto, maana tumbo linakaa chini ya umio na tindikali hupanda kwa shida. Miguu ya kitanda upande wa kichwani nimeiwekea matofali ya kunyanyua kama sentimita 15. Mito miwili haisaidii, inakunja tumbo tu.