Siki ya tufaha na maji ya limau: kilichopunguza kilo ni kipi?

Kila ninapozungumza na watu kuhusu kupunguza uzito, siki ya tufaha haikosi kutajwa. Wengi waliisikia mwaka 2024, uliposambaa utafiti uliofanywa Lebanoni kwa vijana 120. Ulidai kwamba kijiko kimoja cha siki kila asubuhi kwa wiki 12 kiliwapunguza kilo 6 hadi 8. Habari hiyo ilienea kote. Iliyofuata haikuenea: Septemba 2025, jarida lililouchapisha, la kundi la BMJ linalotoa majarida ya tiba Uingereza, liliufuta, baada ya takwimu zake kukaguliwa na kuonekana haziaminiki. Ukikutana na video inayotaja kilo hizo, fahamu kwamba msingi wake umeondolewa.

Utafiti mwingine unaotajwa sana ni wa Japani wa mwaka 2009, nao ulifanywa na watafiti wa Mizkan, kampuni inayotengeneza siki. Watu wazima wenye uzito mkubwa walikunywa mililita 15 au 30 za siki kwa siku, ikiwa imechanganywa kwenye nusu lita ya kinywaji. Baada ya wiki 12 walikuwa wamepungua kati ya kilo 1 na 2. Walipoacha, uzito ulianza kurudi.

Na maji ya limau? Hapa nina kisa ninachokiona mara kwa mara. Mtu aliyezoea soda ya nusu lita kila siku anaiacha, anakunywa maji ya limau, na suruali inaanza kulegea. Anasifu limau. Lakini soda ile ilikuwa na takriban gramu 50 za sukari, yaani kalori 200. Zidisha kwa siku 84 za wiki 12, unapata kalori 16,800. Kilo moja ya mafuta mwilini ina kalori kama 7,700, kwa hiyo ni kama kilo 2. Mwili haufuati hesabu hii barabara, ila angalia: soda iliyoachwa inatosha kuleta matokeo yale ya Japani bila tone la siki. Maji matupu yangefanya kazi hiyohiyo. Anayeongeza limau bila kuacha chochote hapungui, na akitia vijiko viwili vya chakula vya asali anaongeza kalori zaidi ya 100.

Vinywaji vya “kusafisha tumbo” vyenye sena, majani yanayoharisha, navipita haraka: mizani hushuka kwa sababu umeendesha, umepoteza maji na kinyesi. Mafuta yako palepale.

Ukipenda ladha ya siki, usizidishe kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi kubwa ya maji, na inywe pamoja na mlo. Usiinywe kavu, inaunguza koo. Sukutua kwa maji, kisha subiri angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa asidi hulainisha tabaka la juu la jino. Limau nalo ni hivyohivyo. Unayetumia insulini au dawa za kukojosha, muulize daktari kwanza: siki inaweza kushusha sukari na potasiamu kupita kiasi.