Kuacha kubeti ukiwa umeshaliwa

"Nimeliwa msimu mzima, sasa nakopa ili nirudishe. Naachaje?"

Pole sana ndugu yangu. Mdogo wangu, dereva wa bodaboda Mbagala, kila akiliwa aliongeza mechi na dau. Tukapiga hesabu: mkeka wa mechi 10, kila moja ikiwa na nafasi 70 kwa 100, hushinda mara 3 hivi tu kati ya 100. Hapo akaacha kuusubiri mkeka wa kufidia.

Aliiomba kampuni ifunge akaunti yake kabisa, maana kufuta programu hakutoshi. Mapato ya jioni akamkabidhi mkewe. Jumamosi za ligi ndizo zilizomtesa, akawa anaendesha bila bando. Madeni alilipa kidogo kidogo, bila kukopa upya.

Ukiwaza kujidhuru, nenda leo hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, Muhimbili wanacho.