Kabla hujamtajia mteja sabini na mbili

Wadogo zangu wa dawati la hatifungani, nawapenda sana, ila juzi mlinipandisha presha. Nimekaa napitia matokeo ya mnada, mara namsikia mmoja wenu (sikutaji, unajijua) anamwambia mteja kwenye simu: "Mama, kuponi ni asilimia 12. Chukua 72 ugawe kwa 12, unapata 6. Miaka sita tu, hela yako imeshakuwa mara mbili." Mama wa watu kafurahi, kijana kakata simu na kupiga meza kwa raha. Kugawa aligawa sawasawa. Ahadi ndiyo haikuwa ya kweli, na kila kundi jipya linaloingia hapa ofisini linarudia ahadi hiyohiyo, ndiyo maana leo naandika.

1. Kanuni yenyewe, kwa haraka, maana mnaijua. 72 ukigawa kwa riba ya kipindi kimoja unapata idadi ya vipindi hadi mtaji kuwa mara mbili. Riba ikiwa ya mwaka, jibu ni miaka. Ikiwa ya mwezi, jibu ni miezi. Ikiwa ya nusu mwaka, jibu ni nusu miaka, na hapa ndipo wengi mnajikwaa. Ni hesabu ya zamani: Luca Pacioli aliichapisha Venisi mwaka 1494 bila hata kueleza imetoka wapi. Kihesabu namba yenyewe ingekuwa 69.3, lakini 72 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 12, kwa hiyo unaifanya kichwani ukiwa umesimama na mteja kwenye foleni. Tena kwenye asilimia 8 inapiga karibu kabisa: kanuni inasema miaka 9, kikokotoo kinasema 9.006.

2. Swali la kwanza ni riba inakwenda wapi, asilimia inafuata. Kanuni hii inafanya kazi kwa hela inayobaki ndani, riba ikazaa riba nyingine juu yake. Hatifungani ya serikali haifanyi hivyo. Kila miezi sita kuponi, yaani riba ya hati, inatoka inaingia kwenye akaunti ya benki ya mteja, na kule kwenye CDS, daftari la kielektroniki linalotunza hati za wateja, thamani ya hati inabaki vilevile mpaka siku ya kuiva. Mtaji haukui hata shilingi.

Hapa niwape habari yangu, na mtaniwia radhi ikiwa ndefu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi.

Nikiwa mgeni, alikuja mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na kiinua mgongo chake. Milioni 20 alitaka kuziweka kwenye hati ya miaka 20. Kuponi haikuwa 12 kamili, ila niiache hapo hesabu isiwasumbue. Nikamwamkia, nikamvutia kiti, nikampigia 72 kwa 12 kwa mbwembwe zote. Akatoa daftari mkobani, akaandika kwa kalamu nyekundu: "miaka 6 = 40". Niliuona ule mstari kwa macho yangu. Nikatabasamu. Sikumuuliza kuponi atazifanyia nini.

Kuponi zikawa zinaingia, 1,200,000 kila nusu mwaka. Mwalimu anazitoa, analipa ada za wajukuu, anaweka bati jipya, anaishi. Ndicho alichonunulia hati, na hakukosea popote. Mwaka wa sita ulipokamilika akaja kuchukua milioni 40 zake, kuna kiwanja alikuwa ameshakizungumza na mwenye nacho.

Nikamchapishia taarifa ya CDS. Milioni 20. Akaigeuza karatasi nyuma, kama kuna nyingine upande wa pili. Kisha akafungua daftari, akaweka kidole juu ya ule mstari mwekundu, akaniambia polepole, kama anavyosemesha mtoto wa darasa la nne: "Mwanangu, 72 kwa 12 ni 6, hapo hujakosea, nimefundisha hesabu mimi. Sasa hizo nyingine ziko wapi?"

Nilitamani angenifokea. Nilianza kubabaika na maneno ya ofisini, kuponi, kuiva, soko la upili, na kila neno lilizidi kunizamisha. Bosi wangu ndiye aliyekuja kukaa naye. Alimweleza kwamba hata kama asingegusa senti moja, angekuwa na kuponi 12 za 1,200,000, yaani 14,400,000, ukijumlisha na mtaji ni 34,400,000. Kufika 40 kulihitaji kila kuponi irudishwe kazini siku ilipoingia, kwa riba ileile. Na kama angetaka mtaji wake siku ile, ilibidi tumtafutie mnunuzi sokoni, kwa bei ya siku hiyo, maana hati yake ilikuwa bado na miaka 14 mbele. Mwalimu alikataa kuuza. Kiwanja kilikwenda kwa mtu mwingine. Kuniamini kwenye mambo mengine aliendelea, ila kila nilipomtajia namba alikuwa anauliza, "Ikiwa nitazitoa, au ikiwa nitaziacha?"

Hilo swali lake sasa ndilo ninalolitumia mimi, na ndilo nataka mlitumie. Mteja akisema atazitoa, sahau 72. Tumia 100 gawa kwa kuponi: 100 kwa 12 ni 8.3. Maana yake, ikifika kuponi ya 17, miaka minane na nusu, jumla ya alichopokea itakuwa imeupita mtaji wake, na mtaji wenyewe bado umekaa. Ni habari njema kabisa, mwambieni hivyo, ila ni habari nyingine.

Akisema ataziacha, hapo 72 inaingia, na ifanyeni kwa kipindi chenyewe. Asilimia 12 kwa mwaka inayolipwa mara mbili ni 6 kwa nusu mwaka. 72 kwa 6 ni vipindi 12, yaani miaka 6. Ukipiga kwa usahihi, milioni 20 zinakuwa kama milioni 40.24. Toa zile 34.4 za mtu asiyerudisha kitu, utaona takriban milioni 5.8 zimetokana na riba juu ya riba pekee. Hizo 5.8 ndizo nilizomwahidi mwalimu bila kumwambia zinavyopatikana.

Na "ataziacha" nako kuna mambo yake. Kuponi haijirudishi. Mtu wa milioni 20 anapokea 1,200,000, anaweza kusubiri mnada akanunua hati nyingine. Wa milioni 5 anapokea 300,000, haifiki kiwango cha kuingilia mnadani, kwa hiyo itakaa benki bila kufanya kazi au aipeleke kwenye mfuko wa pamoja, ambako faida yake ni nyingine na inabadilika. Mnada unaofuata nao unaweza kuja na hati ya kuponi ndogo, au watu wakaigombania mpaka bei ikapita 100 kwa kila 100 ya thamani ya hati. Kwa hiyo ile 12 uliyogawia ni ya leo tu. Mteja mwenye mtaji mdogo anayetaka hela ilale ndani izaliane yenyewe, mara nyingi vipande vya mfuko unaorudisha mapato ndani vinamfaa kuliko hati. Najua kamisheni yetu inasemaje. Mwambieni hivyo hivyo.

3. Gawa kwa kinachobaki mkononi. Amana ya muda maalumu benki kwa asilimia 8: mnasema miaka 9. Riba hiyo inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla haijamfikia mteja, kwa hiyo inayobaki ni 7.2. Na 72 kwa 7.2 ni 10. Mwaka mzima umepotea kwenye asilimia sifuri nukta nane, na mteja ataugundua mwaka huo wewe ukiwa umeshahama ofisi. Ada za usimamizi vilevile. Mfuko unaopata 10 ukatoza 2, gawa kwa 8.

4. Riba ikiwa kubwa, 72 inakuwa na haraka kuliko hela. Kwenye 24 kanuni inasema miaka 3, kikokotoo kinasema 3.2. Kwenye 36 inasema 2, ukweli ni miaka miwili na robo. Dawa yake: kwa kila alama tatu za asilimia zinazozidi 8, ongeza 1 kwenye 72. Kwa 24 umezidi 16, ongeza kama 5, gawa 77 kwa 24, unapata 3.2. Kwa hatifungani hamtaihitaji. Mtaihitaji shemeji akija na mkopo wa kausha damu wa asilimia 20 kwa mwezi anataka ushauri. Na yeye muulizeni swali la mwalimu kwa upande wa pili: riba usipolipa inaongezwa kwenye deni, au inahesabiwa kwenye ule mkopo wa mwanzo tu? Ikiongezwa, deni linakuwa mara mbili kabla miezi minne haijaisha. Ikiwa ya mkopo wa mwanzo tu, ni 100 kwa 20, miezi mitano. Mimi shemeji yangu aliniuliza baada ya kusaini, kwa hiyo huo ushauri ulikuja kutumika kama mchango wa harusi: umechelewa na haukutosha.

5. Mfumuko wa bei unagawiwa kwa 72 hiyohiyo. Bei zikipanda asilimia 3 kwa mwaka, 72 kwa 3 ni 24: baada ya miaka 24 shilingi itanunua nusu ya inachonunua leo. Sasa angalieni hati ya miaka 25 ya mteja anayekula kuponi zote. Siku inapoiva anarudishiwa milioni 20 zilezile, na sokoni zina nguvu ya kama milioni 10 za siku aliyosaini. Hati bado inamfaa, kuponi zimemlisha robo karne, lakini kama anakuambia huo mtaji wa mwisho ndio urithi wa watoto, lazima aisikie hiyo 24 kutoka kwako kabla hajasaini. Kuna wanaoamua hapohapo kurudisha sehemu ya kuponi kila mwaka. Wapo pia wanaokujibu, "Kijana, miaka 25 ijayo mimi nitakuwa wapi?" na kusaini vilevile. Hapo usibishane naye, mpe kalamu.

Na wewe wa juzi, namba ya yule mama bado iko kwenye simu ya mezani. Mpigie leo kabla ya saa kumi, mnada ni kesho.