Kabla ya Kusifu Mpangilio Mpya, Hesabu Fremu

Kila nibadilipo mpangilio wa gemu kwa lengo la kupunguza ucheleweshaji, yaani muda kati ya kubofya kipanya na skrini kuitikia, siutegemei mkono wangu kunipa hukumu. Mkono husikia kile ulichoambiwa utasikia. Simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde inatosha kumaliza ubishi, mradi mpimaji ajue inachoweza kuona na kisichoonekana kwake.

Kwa kasi hiyo, kila fremu ya video ina thamani ya milisekunde 4.17. Ninaweka kipanya mbele ya skrini ili vyote viwili vionekane katika picha moja, ninafunga umakini na mwanga wa kamera visijibadilishe vyenyewe, kisha ninasimama ndani ya gemu mbele ya ukuta mweusi ambapo risasi ikifyatuliwa mwako wake unaonekana wazi. Baadaye ninaifungua video katika VLC na kusogea fremu moja moja kwa kitufe cha E. Ninaanza kuhesabu pale kitufe cha kipanya kinapofika chini na kukoma, na ninaishia fremu ya kwanza yenye dalili yoyote ya mwako, hata ukiwa hafifu. Sehemu ya skrini ninayoitazama haibadiliki kamwe, kwa kuwa skrini huchorwa kutoka juu kwenda chini, na kwenye skrini ya hetzi 60, yaani inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde, ukingo wa chini unaweza kuchelewa karibu milisekunde 16 nyuma ya ule wa juu.

Ni kweli kwamba macho hayawezi kujua hasa ni lini swichi iliyomo ndani ya kipanya imeunga. Hilo halinisumbui, kwa sababu kosa lilelile limo katika vipimo vya kabla na vya baada, na ninapotoa kimoja kwenye kingine linajifuta. Ninachotafuta ni tofauti.

Kuna hila moja ya kuchunga: baadhi ya simu hubuni fremu za katikati badala ya kuzirekodi. Rekodi kitu kinachosogea kwenye skrini ya hetzi 60 huku gemu ikitoa fremu 60 kamili. Kamera ikiwa ya kweli, kila picha ya skrini itadumu fremu nne za video. Ukiona vivuli viwili vilivyochanganyika vikisafiri polepole kati ya picha na picha, hapo simu inabuni.

Katika kompyuta yangu yenye skrini ya hetzi 60, nikiwa nimewasha V-Sync, mpangilio unaozifanya picha za gemu zisubiri zamu ya skrini ili zisikatike vipande, wastani ulikuwa fremu 24 za video, sawa na milisekunde 100. Nilipoizima, ulishuka hadi fremu 13, yaani milisekunde 54. Sababu ni foleni: kadi ya michoro ilikuwa na uwezo wa kutoa zaidi ya picha 60 kwa sekunde, hivyo picha zilizokamilika zilijipanga zikisubiri zamu ya skrini, na kila iliyosubiri ilibeba mbofyo uliokwisha kuzeeka. Nilipoirudisha V-Sync na kuiwekea gemu kikomo cha fremu 59 kwa sekunde, foleni haikupata nafasi ya kujaa, na wastani ukawa fremu 15 za video, takriban milisekunde 63, bila picha kukatika vipande.

Tofauti kubwa kama hizo hazihitaji hesabu nyingi. Shida huanza kwenye madai madogo. Kupandisha kasi ya kipanya kuripoti kutoka hetzi 125 hadi 1000 hupunguza wastani wa kusubiri kwa milisekunde 3.5 hivi, chini ya fremu moja ya kamera. Isitoshe, mbofyo huangukia popote katika mzunguko wa skrini, jambo ambalo peke yake kwenye hetzi 60 hutawanya matokeo kwa mkengeuko wa karibu milisekunde 4.8. Kwa mibofyo 20 kila upande, tofauti iliyo chini ya milisekunde 3 inaweza kuwa bahati tupu. Ili kuipunguza shaka hiyo kwa nusu, unahitaji mibofyo mara nne zaidi. Mimi hupima kwa kupokezana, mpangilio wa zamani, mpya, kisha wa zamani tena, ili joto la kompyuta lisiupendelee mmoja.

Kwa kazi ya namna hiyo, kifaa chenye kihisi cha mwanga kinachobandikwa kwenye skrini, kama LDAT ya NVIDIA, kinafaa zaidi, kwani hubofya chenyewe mara nyingi bila mtu kuhesabu. Namba ya ucheleweshaji inayoonyeshwa na programu ndani ya kompyuta ni jambo jingine: skrini yenyewe haimo katika hesabu hiyo, kwa hiyo haiwezi kukuambia lolote kuhusu hali ya gemu ya televisheni yako.

Hatimaye nilibaki na V-Sync pamoja na kikomo cha fremu 59. Gharama yake ni kwamba takriban mara moja kila sekunde picha moja hurudiwa, na mtazamo ndani ya gemu ukigeuka polepole mkwaruzo huo unaonekana. Katika gemu za mbio za magari ninauona, katika za risasi siuoni.