Miale ya lenzi haikutani, nimekosea wapi?

> "Lenzi mbinuko, fokasi sm 10, mshumaa uko sm 6. Miale yangu haikutani upande wa pili. Nimekosea wapi?"

Hujakosea, mdogo wangu. Mshumaa uko ndani ya fokasi, kwa hiyo miale ikishatoka inatawanyika. Iache iende zake na mishale ikitazama mbele. Sasa weka rula, irudishe nyuma kwa vistari vya nukta, bila mishale, maana huko mwanga haupiti. Itakutana sm 15 kutoka kwenye lenzi, upande uleule wa mshumaa. Mshumaa wa sm 2 utatoa taswira ya sm 5, iliyosimama wima. Hapa Moshi nasahihisha madaftari ya tuisheni, na wengi huilazimisha miale ikutane kulia. Ukiona mwale wa katikati ya lenzi umepinda, ujue umelazimishwa.